Cheo Chako Nje ya Geti la Kampuni

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mezani na mwenzangu wa ofisi ya utumishi tukichambua maombi ya nafasi moja ya afisa mikopo. Bahasha zilijaa boksi zima. Katika hatua hiyo ya kwanza hakuna anayesoma neno kwa neno. Jicho linatua kwenye elimu, linashuka kwenye kazi ya mwisho, kisha karatasi inakwenda kulia au kushoto. Mwenzangu akanyanyua wasifu mmoja, akakunja uso.

"Kaka, hebu nisaidie. Kiungo wa Wateja, Ngazi ya 3, ndiyo kazi gani hii?"

"Mapokezi, nadhani," nikamjibu bila kuinua kichwa.

Karatasi ikaenda kushoto, kwa waliokosa.

Saa mbili baadaye tukamkuta mwombaji mwingine aliyetoka kampuni ileile. Huyu aliandika Meneja wa Mikopo. Tukamweka kulia, na wiki iliyofuata nikapiga simu kwa mwajiri wake wa zamani kuhakiki. Dada aliyepokea simu alifungua jalada, akanyamaza kidogo, akasema: "Hapa kwetu hatuna cheo hicho. Huyo alikuwa Kiungo wa Wateja." Njia ya mwongo ni fupi. Simu ya dakika tatu ilitosha kumtoa.

Jioni ile nilirudi kwenye rundo la kushoto, nikasoma barua ya yule wa kwanza hadi mwisho. Alikuwa binti wa Mwanza aliyezunguka Magu na Misungwi kwa pikipiki kwa miaka mitatu, akifuatilia marejesho ya watu waliokopeshwa mitambo ya sola. Hakuwa wa mapokezi hata siku moja. Yeye aliandika cheo chake kama kilivyo, tukashindwa kumwelewa. Mwenzake alibuni cheo kinachoeleweka, tukashindwa kumwamini. Baina yao ipo njia ya tatu, nayo ni maneno machache tu yanayowekwa kando ya cheo.

Jina la ndani lina kazi yake

Kampuni hazibuni majina haya kwa kupenda kuwasumbua watu. Duka la Apple lina mafundi wanaopokea simu na kompyuta zenye hitilafu, na tangu maduka hayo yaanze mwaka 2001 meza yao imeitwa meza ya majiniasi. Fundi anayekaa hapo cheo chake ni Jiniasi. Kwenye bustani za burudani za Disney wafanyakazi wote, hata anayefagia, huitwa waigizaji, kwa sababu kampuni inaiona bustani nzima kama jukwaa la maonyesho. Ndani ya geti majina hayo yanaeleweka na yanawapa watu hamasa. Nje ya geti, msomaji wa wasifu akikutana na "Jiniasi" hajui kama mtu huyo anatengeneza skrini au anajisifu.

Serikalini nako tunayo yetu. Katika utumishi wa umma Tanzania, mhitimu wa shahada anayeanza kazi huwa Afisa Daraja la II. Akipanda anakuwa Daraja la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu. Namba inashuka cheo kikipanda. Sasa mpeleke mtu huyo akaombe kazi kwenye kampuni ya kompyuta ambako mhandisi wa II ndiye aliyemzidi wa I. Msomaji wa huko atamwona afisa aliyepanda kutoka Daraja la II kwenda Daraja la I kama mtu aliyeshushwa cheo. Hakuna aliyesema uongo. Ni lugha mbili zilizokutana pasipo mkalimani.

Maneno ya ufafanuzi ndiyo mkalimani huyo. Na kama ilivyo kwa mkalimani yeyote, kazi yake ni kufikisha kilichosemwa, siyo kuongeza chumvi.

Cheo kimebeba vitu viwili

Kosa la wengi linaanzia hapa. Kila cheo kina habari mbili ndani yake. Ya kwanza ni kazi: unafanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Ya pili ni ngazi: uko wapi kwenye safu ya madaraka, nani yuko juu yako na nani yuko chini. "Meneja wa Mikopo" inasema yote mawili. "Mikopo" ni kazi, "Meneja" ni ngazi.

Unapofafanua cheo kisichoeleweka, una ruhusa ya kueleza kazi kwa maneno yoyote yanayofahamika, kwa kuwa kazi uliifanya kweli. Ngazi huna ruhusa ya kuigusa. Ngazi alikupa mwajiri, na ni yeye pekee awezaye kuipandisha. Yule kijana wa pili alikuwa na haki ya kuandika neno "mikopo". Kilichomwangusha ni neno "meneja".

Ndiyo maana naogopa maneno "sawa na". Mtu anaandika "Kiungo wa Wateja, sawa na Afisa Mikopo Mwandamizi". Amejipima mwenyewe kwa mizani ya kampuni asiyoifanyia kazi, akajipa daraja. Uandamizi wa benki moja unaweza kuwa miaka miwili, wa nyingine miaka minane. Taja ulichofanya, umwachie msomaji apime.

Tumfuate binti wa Mwanza

Nilimpigia simu yule binti. Nafasi yetu ilikuwa imekwisha kujazwa, lakini nilimweleza kilichotokea, naye akaomba nimsaidie kurekebisha ule mstari mmoja. Tulifanya hivi.

Kwanza nilimwambia achukue mkataba wake na karatasi ya maelezo ya kazi, asitegemee kumbukumbu. Mkataba ulisema Kiungo wa Wateja, Ngazi ya 3. Nikamuuliza ngazi ziko ngapi. Tano, akasema, na mgeni huanzia ya 1. Hapo tayari tulikuwa na jambo la kumsaidia msomaji, kwa maana "ngazi ya 3" ikisimama peke yake haielezi kitu, lakini "ngazi ya 3 kati ya 5" inaeleweka.

Kisha nikamtaka anieleze wiki yake ya kawaida, siku kwa siku, siyo ile wiki moja ya kukumbukwa. Siku tatu alikuwa vijijini kwa wadaiwa waliochelewa kulipa. Siku moja alikaa ofisini kulinganisha malipo yaliyoingia kwa simu na daftari la madeni. Siku ya tano alihakiki waombaji wapya: anakwenda nyumbani kwao, anaangalia kipato, anaandika mapendekezo.

"Nani alikuwa anaidhinisha mkopo?" nikamuuliza.

"Meneja wa tawi. Mimi napendekeza tu."

Jibu hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kama tungeandika "utoaji wa mikopo", tungempa mamlaka ambayo hakuwa nayo. Tukaandika "uhakiki wa waombaji".

Swali la tatu lilihusu watu. Aliniambia kwa fahari kwamba alikuwa na mawakala sita. Nikamuuliza: likizo zao ulisaini wewe? Tathmini zao uliandika wewe? Hapana, yote hayo yalikuwa ya meneja wa tawi. Yeye aliwafundisha kujaza fomu na kuwapitia kila wiki. Basi hakuwa msimamizi wao. Kwenye orodha ya majukumu chini ya cheo tuliandika "nilifundisha na kufuatilia mawakala 6", na neno "msimamizi" tukaliacha. Alisikitika kidogo, lakini alikubali kwamba yule meneja, akipigiwa simu, asingelitumia neno hilo.

Mwisho tulitafuta jina ambalo watu wa nje wanalipa kazi ya namna ile. Hapa hakuna haja ya kubuni. Alikusanya matangazo kumi ya kazi ya kampuni na taasisi mbalimbali za mikopo, akasoma majukumu kwanza kabla ya kutazama cheo. Mengi ambayo majukumu yake yalifanana na wiki yake yalitumia "afisa mikopo". Machache yalitumia "afisa marejesho". Tulichagua la kwanza kwa kuwa alihakiki waombaji pia, ila hatukulifanya kuwa cheo chake. Mstari ukawa hivi:

Kiungo wa Wateja, Ngazi ya 3 kati ya 5 (kazi za afisa mikopo: uhakiki wa waombaji na ufuatiliaji wa marejesho)

Usome tena taratibu. Cheo rasmi kimetangulia, herufi kwa herufi kama kilivyo kwenye mkataba. Maneno ndani ya mabano yanaanza kwa herufi ndogo, ili yasionekane kama cheo cha pili. Yanasema "kazi za afisa mikopo", hayasemi "Afisa Mikopo". Na neno linalotafutwa na mchambuzi, "mikopo", sasa lipo mahali jicho lake linapotua. Wakati nachambua ule mzigo wa bahasha, mstari huu ungempeleka kulia bila mjadala.

Mahali pa kuliweka

Kwenye wasifu unaouandika mwenyewe unaweza kupanga kwa namna mbili. Ya kwanza ni hiyo ya binti wa Mwanza, cheo rasmi mbele na ufafanuzi nyuma. Ya pili inageuza: kazi inatangulia, cheo rasmi kinafuata, kwa mfano "Ufuatiliaji wa mikopo na marejesho (cheo rasmi: Kiungo wa Wateja, Ngazi ya 3)". Namna hii inafaa cheo cha ndani kinapokuwa kigeni kiasi cha kumchekesha msomaji. Zote mbili ni halali kwa sababu moja: cheo rasmi kinaonekana, hakikufichwa. Siku kinapopotea kwenye ukurasa ndipo ufafanuzi unapogeuka kuwa kughushi.

Fomu za maombi za mtandaoni ni habari nyingine. Zina kisanduku cha cheo na kisanduku cha majukumu. Kisanduku cha cheo ndicho kinacholinganishwa na barua ya mwajiri, mara nyingi na mtu asiyekujua wala asiye na muda wa kusikiliza maelezo. Humo andika cheo rasmi kitupu. Ufafanuzi uwe sentensi ya kwanza kabisa ya kisanduku cha majukumu: "Nilifanya kazi za afisa mikopo katika wilaya mbili." Mifumo mingi hutafuta maneno kwenye fomu nzima, kwa hiyo neno "mikopo" litapatikana hata likiwa kisanduku cha pili.

Jambo dogo lakini linaloumiza wengi ni tarehe. Kama ulianza Ngazi ya 1 ukamalizia ya 3, usiipe miaka yote mitatu cheo cha mwisho. Andika kila ngazi na miezi yake. Na kama ulikaimu nafasi ya bosi wako kwa miezi minne, neno "kaimu" libaki hapo pamoja na hiyo miezi minne. Kulifuta neno hilo ni kujipandisha kwa kalamu.

Cheo kinapokuwa kikubwa kuliko kazi

Watu hufikiri ufafanuzi ni wa kuwainua walioonewa na vyeo vidogo. Lakini uaminifu una upande wa pili. Yapo majina ya ndani yanayomvimbisha mtu, nayo yanadai ufafanuzi vilevile.

Katika benki kubwa za uwekezaji za New York na London, makamu wa rais ni mfanyakazi wa ngazi ya kati. Juu yake wapo wakurugenzi, na juu yao wakurugenzi watendaji, na benki moja inaweza kuwa na maelfu ya makamu wa rais kwa wakati mmoja. Mtu akirudi Nairobi au Dar es Salaam na cheo hicho bila neno lolote pembeni, msomaji atadhani alikuwa anasimama pale rais wa benki anaposafiri. Aliyeandika hakusema uongo, lakini anajua kitakachoeleweka, na kunyamaza kwake kunamnufaisha. Mstari wa haki ungekuwa: Makamu wa Rais (ngazi ya kati, uchambuzi wa mikopo ya makampuni, bila wafanyakazi chini yangu).

Huku kwetu kuna "meneja uhusiano" wa benki ambaye hana hata mtu mmoja chini yake. Anachosimamia ni akaunti za wateja. Kuna "mkurugenzi wa masoko" wa kampuni ya watu watatu. Hao nao waandike cheo walichopewa, kisha waongeze idadi: wateja wangapi, watu wangapi. Namba humaliza ubishi ambao vivumishi huuchochea. Na msaili akikuta umejipunguza mwenyewe mahali ambapo ungeweza kunyamaza, mistari mingine ya wasifu wako ataisoma kwa imani zaidi.

Majina yasiyoazimwa

Yapo maneno ambayo huwezi kuyaingiza kwenye ufafanuzi hata kama kazi yako ilifanana nayo. Haya ni majina ya taaluma zenye usajili wa kisheria. Tanzania mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Kenya kuna Bodi ya Wahandisi iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Wakili ana daftari lake, daktari na muuguzi wana mabaraza yao. Fundi aliyefunga viyoyozi kwa miaka kumi anaweza kumzidi mhandisi kwa ujuzi wa mikono, lakini akiandika "kazi za mhandisi" anagusa jina ambalo lina mlango wake.

Gumu zaidi ni pale kampuni yenyewe inapokupa jina hilo. Kampuni nyingi za vifaa humwita kila fundi anayetumwa kwa wateja "mhandisi wa huduma". Kama ndivyo mkataba unavyosema, huna budi kuliandika, na hapo ufafanuzi unageuka kuwa kinga yako: Mhandisi wa Huduma (fundi wa ufungaji na ukarabati wa viyoyozi). Msomaji anaona kampuni ilikuitaje, na anaona pia kwamba hujidai usajili usiokuwa nao.

Karatasi inayokutetea

Sheria za kazi za kwetu zimempa mfanyakazi silaha ambayo wengi hawaichukui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya ajira yake, na maelezo ya kazi ni mojawapo ya yanayotakiwa kuwemo. Mkataba unapokoma, mwajiri anatakiwa kumpa cheti cha utumishi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema jambo hilohilo kwa aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na inataka cheti kitaje aina ya kazi aliyoifanya mtu. Sheria imetambua kwamba anayesoma cheti anahitaji kujua kazi yenyewe ilikuwa nini.

Kwa hiyo, unapoondoka, usipokee cheti na kukitia mfukoni. Kisome ukiwa bado ofisini. Kama sehemu ya aina ya kazi imejazwa kwa kurudia cheo tu, omba kwa adabu ijazwe kwa maneno yaliyomo kwenye maelezo yako ya kazi. Ukipata "uhakiki wa waombaji na ufuatiliaji wa marejesho" kwenye karatasi yenye muhuri, ufafanuzi wako kwenye wasifu hauna tena shaka, kwa kuwa maneno ni yaleyale.

Wadhamini nao wasisahaulike. Watu wengi huomba tu ruhusa ya kutumia jina na namba ya simu. Mtumie mdhamini wako mstari wenyewe, kama ulivyouandika, umuulize kama anaukubali. Binti wa Mwanza alimtumia meneja wake wa zamani. Meneja akajibu kwamba yote ni sawa, ila Misungwi aliishughulikia mwaka wa mwisho tu. Akaongeza maneno hayo kwenye majukumu. Marekebisho ya namna hiyo ni afadhali yatoke kwa mtu anayekutakia mema, kabla hayajatoka kwa mgeni kwenye simu ya uhakiki.

Basi, ndugu msomaji, kama cheo chako kinahitaji maelezo kila ukitaja kazi yako harusini au msibani, kitahitaji maelezo kwenye karatasi pia. Toa mkataba wako leo, andika cheo kama kilivyo, na kando yake weka maneno yasiyozidi kumi na mawili ya kazi uliyoifanya kweli. Kisha mpe aliyekuwa bosi wako asome. Kama yuko tayari kutia saini chini ya mstari huo, utume. Kama anasita, neno linalomsitisha ndilo la kufuta.